Bili ya maji imeruka hadi uniti 37, picha za mita ninazo. Naombeni msaada wa barua kwa mwenye nyumba

Chumba_Namba3
Wakuu, habari za jioni. Nimepanga kwenye nyumba ya familia nne. Kila familia ina mita yake ndogo, na getini kuna mita kuu ambayo bili yake inakwenda kwa mwenye nyumba. Mwisho wa mwezi kijana wake anapita kusoma mita zetu, halafu mzee mwenyewe anatutumia bili kwa meseji.

Tuko watatu ndani, hatuna bustani, gari la kuosha sina. Tangu nihamie sijawahi kuvuka uniti 10 kwa mwezi. Mwezi huu wa sita nimeletewa uniti 37. Nimempigia, akaniambia "mita haidanganyi", akakata simu.

Bahati nzuri nina tabia ya kupiga picha mita kila kijana anapokuja kusoma. Nimeandika barua ifuatayo, naomba muipitie kabla sijaipeleka kesho asubuhi:

*"Nakuandikia kwa masikitiko makubwa. Kwa muda mrefu umekuwa ukitukandamiza wapangaji wako. Mita yako ni mbovu, inakimbia, na wewe unalijua hilo. Ushahidi wa picha ninao. Usiporekebisha ndani ya saa 24 tusilaumiane."*

Nimeambatisha skrinshoti sita. Je, inatosha au niongeze ukali?

Babu_Kipara
Pole sana. Mimi nilikuwa na tatizo hilihili, nikabadilisha taa zote na kuacha kupiga pasi kila siku. Bili ikashuka mwezi uleule.

Chumba_Namba3
Babu, ni maji.

Babu_Kipara
Ooh. Basi endeleeni.

Kisima77
Hiyo ni hewa, usihangaike. Maji yakikatika bomba linajaa hewa, na yakirudi yanaisukuma ile hewa kwa kasi kupitia kwenye mita. Mita haijui kama ni hewa au maji, inahesabu tu. Kwetu maji yakirudi unasikia bomba linakohoa na mita inazunguka kama feni. Andika kwenye barua kwamba unataka mita ibadilishwe, na uzito wa kesi yako uwe hapo.

Msoma_Mita_Mstaafu
Kisima hajakosea kuhusu hewa, jambo hilo lipo na nimeliona mara nyingi. Ila hewa ikizungusha mita, namba inapanda kwenye mita yenyewe. Maana yake picha ya mita ingekubaliana na bili, na mpangaji asingekuwa na picha ya kumtetea. Tusiihukumu mita kabla hatujaisoma.

Halafu jambo moja ambalo watu wengi hulidhani kinyume: mita ya kizamani yenye gurudumu ndani ikichakaa, mara nyingi inahesabu pungufu. Inakuwa nzito, maji kidogo yanapita bila kuizungusha. Kwa hiyo "mita mbovu inakimbia" ni hoja ambayo fundi akija na ndoo ya lita 20 anaweza kuivunja kwa nusu saa, na barua yako yote ikaanguka nayo.

Mwenye uzi, picha za mita nimeziona. Sasa niletee bili za miezi mitatu kabla ya hii. Sitaki jumla ya kulipa. Nataka namba ya mwanzo na namba ya mwisho ya kila bili.

Pipa_la_Mvua
Subirini kwanza, mimi naona picha ya mwezi huu imeandika 0421874. Yaani huyu katumia uniti laki nne tangu mita ifungwe?

Msoma_Mita_Mstaafu
Hapana. Ukiikuza picha utaona 0421 ni nyeusi na 874 ni nyekundu. Nyeusi ndizo uniti, kila moja lita elfu moja. Nyekundu ni vipande vya uniti ambayo haijatimia, yaani hapo kuna lita 874 juu ya 421. Bili husomwa kwenye nyeusi. Ila umefanya vizuri kuuliza, kwa sababu wapo wasomaji wageni wanaobeba na nyekundu moja kimakosa, matumizi yakaonekana mara kumi. Hapa halijatokea hilo.

Chumba_Namba3
Nimezipata zote kwenye meseji za mzee. Hizi hapa:

```
Mwezi wa 3:  0384 - 0393   uniti 9
Mwezi wa 4:  0393 - 0403   uniti 10
Mwezi wa 5:  0403 - 0412   uniti 9
Mwezi wa 6:  0384 - 0421   uniti 37
```

Zote za nyuma nimelipa na risiti ninazo. Nikiangalia picha yangu ya mwisho wa mwezi wa sita, mita kweli inasema 0421. Ndiyo maana nikasema inakimbia, maana namba ya mwisho kwenye bili ni sahihi lakini uniti ni nyingi.

Msoma_Mita_Mstaafu
Mita yako ni nzima na kijana aliyekuja kusoma amesoma vizuri. Angalia upande wa kushoto.

Bili ya mwezi wa tano imeishia 0412. Ya mwezi wa sita ilitakiwa ianzie hapohapo, 0412. Imeanzia 0384, namba uliyoanza nayo mwezi wa tatu. Kwa hiyo wamekurudisha nyuma miezi mitatu na kukutoza upya. Toa 0384 kwenye 0412, unapata 28. Hizo 28 ni 9 na 10 na 9 ulizokwisha kulipa. Matumizi yako ya mwezi wa sita ni 0421 toa 0412, yaani uniti 9 kama kawaida yako.

Bili za mita ni kama mnyororo: mwisho wa hii ndio mwanzo wa inayofuata. Kila nilipoletewa malalamiko enzi zangu, kabla sijavaa buti kwenda kuangalia mita, nilipanga bili mezani na kutazama kama mnyororo umekatika mahali. Kesi nyingi ziliishia pale mezani.

Chumba_Namba3
Jamani! Nimekaa na hizi meseji wiki nzima sijaliona. Kumbe nilikuwa nagombana na mita.

Mwenye_Vyumba
Naomba niseme kama mtu wa upande wa pili, nina vyumba vya kupangisha. Ile barua ya kwanza ungeniletea mimi ningeisoma mistari miwili na kuiweka chini ya kopo la sukari. Ukishaniita mkandamizaji sina tena haja ya kuangalia namba zako. Halafu saa 24, mimi ni polisi?

Kilichotokea naweza kukibahatisha. Wengi wetu tunaandika kwenye daftari, miezi mitatu kwa ukurasa. Kijana amefungua ukurasa wa mwezi wa tatu badala ya kuangalia mstari wa mwisho. Inatokea. Kwa hiyo mwandikie mtu aliyekosea hesabu, usimwandikie mwizi.

Na usigome kulipa bili yote. Mpangaji akigoma, kwangu linabaki kuwa suala la deni, hoja ya uniti naisahau kabisa.

Mama_Upepo
Mimi yangu ilikuwa tofauti kidogo. Nilipohamia nilitozwa maji ya aliyenitangulia, miezi miwili. Nikabisha, nikaulizwa "siku unapewa funguo mita ilisomaje?" Sikuwa na picha. Nililipa kwa uchungu hadi leo. Kwa hiyo dada au kaka, una bahati, una picha.

Pipa_la_Mvua
Ila hizo skrinshoti zenyewe zina matatizo. Nimezifungua zote sita. Ya tatu, juu kabisa kwenye jina la anayetuma meseji, pameandikwa "Kupe Mwenye Nyumba". Unampelekea hivyohivyo?

Chumba_Namba3
😂😂😂 Nimekufa. Nakata ile sehemu ya juu sasa hivi.

Msoma_Mita_Mstaafu
Usikate. Ukikata juu, unaondoa na kitambulisho cha aliyetuma, na skrinshoti inabaki karatasi isiyo na mwenyewe. Badilisha jina kwenye simu liwe la heshima, au fungua ionyeshe namba yake, kisha piga skrinshoti upya. Tarehe ya ile meseji nayo lazima ionekane. Kama meseji ni ndefu, piga mbili zinazopishana mistari michache, ili ionekane hukuruka kitu katikati.

Na kuna kosa lingine ambalo si la kuchekesha. Picha zako za mita umezifungua kwenye simu halafu ukazipiga skrinshoti. Skrinshoti inabeba tarehe ya leo, haibebi tarehe uliyopiga picha. Mtu mbishi atakwambia ulipiga jana. Picha yenyewe ya asili iache kwenye simu bila kuikata wala kuichorea mshale. Fungua maelezo ya picha, yale yanayoonyesha siku na saa, piga skrinshoti ya hayo uiweke pembeni ya picha. Usitegemee nakala uliyomtumia mtu kwa meseji, programu nyingi za meseji hubana picha na kuondoa yale maelezo.

Picha ya mwezi wa nne imekaa vibaya, inaonyesha tarakimu tu. Ya mwezi wa tano na wa sita ni nzuri kwa sababu namba ya mita, ile iliyochongwa kwenye mfuniko, inaonekana kwenye picha ileile. Bila hiyo namba, 0412 inaweza kuwa mita ya jirani. Tumia hizo mbili. Ya mwezi wa nne iache, bili yake inatosha.

Kisima77
Mimi bado nasema hewa ichunguzwe.

Msoma_Mita_Mstaafu
Ichunguzwe, lakini kwenye barua nyingine siku nyingine. Ukiweka hoja tatu kwenye barua moja, anayejibu atachagua ile dhaifu ajibu hiyo, na ile ya nguvu ataipita kimya.

Chumba_Namba3
Nimeandika upya. Jina na namba ya nyumba nimeziondoa hapa.

*Ndugu Mwenye Nyumba,*

*YAH: OMBI LA KUSAHIHISHA BILI YA MAJI YA MWEZI WA 6, CHUMBA NAMBA 3*

*Shikamoo mzee. Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Bili ya mwezi wa 6 inaonyesha kwamba mita yangu ilianza 0384 na kuishia 0421, jumla uniti 37. Namba ya mwisho nakubaliana nayo. Namba ya mwanzo sikubaliani nayo, kwa sababu bili yako ya mwezi wa 5 iliishia 0412 na niliilipa.*

*Uniti 28 kati ya 0384 na 0412 zilikwishatozwa katika bili za mwezi wa 3, wa 4 na wa 5, na risiti zake nimeziambatisha. Matumizi ya mwezi wa 6 ni kuanzia 0412 hadi 0421, yaani uniti 9.*

*Leo nimelipa uniti 9 kwa bei ileile ya mwezi wa 5, na kwenye maelezo ya malipo nimeandika "maji mwezi wa 6, 0412 hadi 0421". Naomba mambo mawili: bili iliyosahihishwa, na nakala ya bili ya mita kuu ya mwezi huo. Kama kuna hesabu ambayo sikuielewa, niko tayari tusome mita pamoja siku utakayoipanga ndani ya siku 14.*

*Viambatisho: A, bili nne. B, risiti tatu. C, picha mbili za mita na tarehe zake.*

Mwenye_Vyumba
Hii ningeijibu siku hiyohiyo. Ile "namba ya mwisho nakubaliana nayo" imenikalia vizuri sana. Unanionyesha mahali pa kuangalia bila kunitukana. Peleka kwa mkono nakala mbili, moja akusainie na tarehe, ubaki nayo. Akikataa kusaini, mtumie ileile kwa meseji ulikopokea bili.

Mama_Upepo
Kwa nini unaomba bili ya mita kuu? Si utamchokoza?

Msoma_Mita_Mstaafu
Ataelewa akiipata.

Chumba_Namba3
Mrejesho, wakuu. Nilipeleka Jumatatu, alisaini. Jana jioni kaniita. Daftari alikuwa nalo mezani, na Mwenye_Vyumba ulibahatisha sawasawa, ukurasa ulikuwa wa mwezi wa tatu. Kasema "mwanangu, kijana alikosea". Na bili ya mita kuu akanionyesha: uniti 52.

Nimewauliza majirani zangu. Wao walitozwa 12, 7 na 13. Kuongeza na 37 yangu ni 69.

Lakini bili aliyonisahihishia bado ni kubwa kuliko ya mwezi wa tano, na uniti ni zilezile 9. Anasema ameondoa 28 zote. Hapo nimekwama tena.

Msoma_Mita_Mstaafu
Mama_Upepo, umeona? Mita ndogo zote zinakula kutoka mita kuu. Kama zimesomwa siku moja, haziwezi kujumlisha 69 wakati mita kuu imepitisha 52. Hata bila picha hata moja, hesabu hiyo peke yake ingetosha kuonyesha kuna mtu kaandikiwa maji ambayo hayakuingia getini.

Kuhusu bili iliyosahihishwa, muulize kama anatumia bei za ngazi. Sehemu nyingi uniti za mwanzo ni nafuu, ukivuka kiwango fulani zinazofuata zinapanda bei. Uniti 37 zilikupandisha hadi ngazi za juu. Nadhani yeye kaondoa 28 kwa bei ya ngazi ya chini, kwa hiyo 9 ulizobaki nazo ndani yake zimo za bei ya juu. Njia sahihi si kupunguza. Afute bili yote, apige upya uniti 9 kuanzia ngazi ya kwanza. Matokeo lazima yafanane na bili yako ya mwezi wa tatu au wa tano, ambazo nazo zilikuwa 9, kama bei haikubadilika.

Chumba_Namba3
Ni hivyohivyo! Nimemwonyesha bili ya mwezi wa tano pembeni ya hii, kapiga upya mbele yangu. Zimelingana hadi senti.

Ila kaibua lingine. Sasa sisi wote wanne tunajumlisha 41, na mita kuu ni 52. Anasema uniti 11 zinazobaki tuzigawane wanne kwa sababu yeye haishi hapo.

Kisima77
Hewa hiyo. Inapita mita kuu, ikifika kwenu imeshatoka.

Msoma_Mita_Mstaafu
Safari hii siwezi kukubishia moja kwa moja, Kisima, inaweza kuchangia. Pia mita ndogo zikiwa na matangi yanayojaa polepole, maji yale membamba yanaweza kupita bila kuhesabiwa. Lakini ningeanza na lililo rahisi zaidi. Uniti 11 kwa siku 30 ni kama lita 367 kwa siku, karibu lita 15 kila saa. Bomba lililotoboka kidogo chini ya ardhi linaweza kumwaga hizo bila mtu kusikia.

Kubalianeni usiku mmoja. Saa tano kila mtu afunge mabomba yake yote, na kama kuna tangi mfunge linapoingilia. Pigeni picha mita kuu na mita nne ndogo, nyekundu zionekane. Rudini saa kumi na moja alfajiri, kabla mtu hajafungua. Kama ndogo zimesimama na kuu imesogea, maji yanapotea kati ya geti na nyumba zenu.

Chumba_Namba3
Tumefanya jana. Mita nne ndogo hazikusogea hata tarakimu moja nyekundu. Mita kuu ilitoka 188 hadi 276 kwenye nyekundu. Lita 88 kwa saa sita, na kile kinyota kidogo cha kati kilikuwa kinazunguka polepole muda wote, nimekirekodi video. Halafu jirani wa chumba namba 1 akasema kuna sehemu karibu na geti majani yake hayakauki hata jua likiwa kali.

Msoma_Mita_Mstaafu
Lita 88 kwa saa sita ni 352 kwa siku. Kwa mwezi ni kama uniti 10 na nusu. Hizo ndizo uniti zenu 11, karibu zote. Chimbeni kwenye majani.

Mwenye_Vyumba
Bomba la kati ni langu mwenye nyumba kulitengeneza, hilo sibishi. Lakini maji yaliyokwisha kupotea kabla sijajua, kwa nini niyabebe peke yangu? Mkataba wangu unasema wapangaji wanalipa bili ya maji ya nyumba.

Msoma_Mita_Mstaafu
Mkataba ukisema "bili ya nyumba" una hoja. Ukisema "kwa kadiri ya mita ya chumba" huna. Mwenye uzi, wako unasemaje?

Chumba_Namba3
Unasema "mpangaji atalipia maji anayotumia". Hayo tu.

Mwenye_Vyumba
Hapo mtavutana.

Chumba_Namba3
Fundi anakuja Jumamosi na sururu. Mzee kasema atakuwepo. Video ya kinyota ninayo, na jina lake kwenye simu nimeshalibadilisha.